Minasi ya nyuma, mabano, na ile milioni sita ambayo haikuwepo

Nilikuwa natunza hesabu za duka la nyavu na vifaa vya uvuvi hapa Kirumba, Mwanza, hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni. Mwenye duka ni mama mmoja mtu mzima, anayemjua kila mwenye mtumbwi kuanzia Igombe mpaka Ukerewe. Asubuhi moja aliniuliza swali ambalo mhasibu hatakiwi kubabaika nalo: "Mwanangu, benki tuna shilingi ngapi?" Nikatazama Excel nikamjibu, "Mama, tuna milioni sita na laki nane na zaidi." Akachukua simu akamwahidi mtu malipo ya injini mbili. Mchana akarudi kutoka benki, akaweka mkoba mezani taratibu, akasema, "Laki tano na nusu. Hiyo milioni sita umeiona wapi?"

Niliiona kwenye jumla yangu mwenyewe. Steitimenti ilikuwa ya siku chache tu, yenye mistari sita. Salio la kuanzia lilikuwa 4,150,000, na safu ya kiasi ilikuwa hivi:

```
1,800,000.00
2,600,000.00-
12,000.00-
3,700,000.00-
12,000.00
900,000.00
```

Alama ya kutoa imekaa nyuma ya namba, siyo mbele. Huo ni mtindo wa mifumo ya zamani ya kompyuta, ile ya kuchapa ripoti kwenye karatasi pana, na mifumo kadhaa mikubwa ya hesabu inauendeleza mpaka leo. Kwa jicho la binadamu haina shida. Ila Excel niliyobandikia haikuiona 2,600,000.00- kuwa namba. Iliiona kuwa maandishi, kama vile ningeandika "nyavu". Na fomula ya SUM ikikuta maandishi ndani ya safu haipigi kelele. Inayaruka kimya kimya na kuendelea na safari.

Kwa hiyo ilijumlisha yaliyoingia tu: 1,800,000 na 12,000 na 900,000, yaani 2,712,000. Nikaongeza juu ya salio la kuanzia nikapata 6,862,000. Utauliza kwa nini sikusoma salio la mwisho kwenye steitimenti yenyewe. Nililifuta. Safu ya salio niliiona inajaza kurasa bure, nikaitoa ili karatasi itoshee kwenye printa. Ukichukua jambo moja tu hapa, chukua hilo: safu ya salio usiifute kamwe. Nitaeleza kazi yake mbele kidogo.

Ningeweza kugundua mapema bila fomula yoyote ya ajabu. Kwenye Excel ambayo hujaipanga wewe, namba hulala upande wa kulia wa seli na maandishi hulala kushoto. Kwangu mistari mitatu ilikuwa kushoto na mitatu kulia, na mimi nikadhani ni kubandika vibaya, nikaivuta yote kulia ipendeze. Yaani nilifuta ushahidi kwa mkono wangu. Kipimo kisichodanganyika ni hiki:

```
=COUNTA(D2:D7)
=COUNT(D2:D7)
```

Ya kwanza inahesabu seli zote zenye kitu, ya pili inahesabu zenye namba peke yake. Kwangu zilitoa 6 na 3. Zikitofautiana, jumla yako haijumlishi safu nzima.

Sasa kosa la pili, ambalo nililifanya mchana huohuo kwa haraka ya kusafisha jina. Nilifungua Find and Replace, nikaiambia itafute alama ya kutoa na kuifuta karatasi nzima. Namba zote sita zikawa namba kweli, SUM ikazisoma zote, na salio likawa 13,174,000! Nilikuwa nimegeuza kila pesa iliyotoka kuwa iliyoingia. Juu ya hapo, tarehe zilizoandikwa kwa vistari zikaungana kuwa tarakimu ndefu zisizo na maana, na namba za kumbukumbu za miamala nazo zikaharibika. Wanaofuta mabano kwa njia hiyohiyo hupata matokeo yaleyale, maana (2,600,000) ikishavuliwa mabano inabaki 2,600,000 safi.

Hata hivyo makosa hayo mawili huacha nyayo tofauti, na nyayo hizo zimenisaidia mara nyingi baadaye. Pesa zilizotoka zilikuwa jumla ya 6,312,000. Namba zenye alama ziliporukwa, tofauti kati ya salio langu na la benki ilikuwa 6,312,000 kamili. Zilipogeuzwa kuwa za kuingia, tofauti ikawa 12,624,000, yaani mara mbili yake. Ndiyo maana siku hizi hesabu ikikataa kufunga, huwa naigawa tofauti kwa mbili kwanza, kisha natafuta kiasi hicho kwenye steitimenti. Nikikikuta, najua kuna mstari uliovuliwa alama.

Njia ninayotumia sasa ni kuacha safu ya asili kama ilivyo, bila kuigusa, na kufungua safu mbili pembeni. Ya kwanza inasafisha takataka zinazokuja na kunakili kutoka kwenye faili la PDF: nafasi zisizoonekana, na ile alama ya kutoa ndefu kidogo ambayo kompyuta haiichukulii sawa na ya kwenye kibodi.

```
E2: =SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(D2,CHAR(160),"")," ",""),UNICHAR(8722),"-")
```

Ya pili inauliza kama kuna mabano mwanzoni, au minasi mbele, au minasi nyuma. Ikikuta mojawapo inazidisha kwa kutoa moja, kisha inaondoa mapambo yote.

```
F2: =IF(OR(LEFT(E2,1)="(",LEFT(E2,1)="-",RIGHT(E2,1)="-"),-1,1)
    *VALUE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(
    E2,"(",""),")",""),"-",""),",",""))
```

Ikiwa steitimenti yako ina minasi za nyuma tu na haina uchafu mwingine, kuna njia fupi: chagua safu, nenda Data, kisha Text to Columns, na hatua ya tatu bonyeza Advanced uhakikishe kisanduku cha "Trailing minus for negative numbers" kina tiki. Namba zinageuka hapohapo. Mimi napendelea fomula kwa sababu safu ya asili inabaki pale, na mtu akinibishia namwonyesha zote mbili.

Fomula hii ikikuta kistari kitupu, ambacho wahasibu wengi hukitumia kumaanisha sifuri, au seli yenye "TZS" ndani yake, itatoa #VALUE!. Iache itoe. Kuna ndugu waliniambia niifunike kwa IFERROR ili ioneshe 0. Nikawauliza tofauti yake na SUM iliyoruka mistari yangu ni ipi? Hitilafu inayoonekana nitaitazama na kuirekebisha kwa mkono.

Tukirudi kwenye safu ya salio: isafishe kwa fomula hizohizo, maana nayo ina alama zake. Yangu ilikuwa na 362,000.00- baada ya malipo makubwa, kwa kuwa akaunti ilikwenda chini ya sifuri kwa muda. Salio safi likiwa safu ya I, kuanzia mstari wa pili wa miamala andika:

```
=ROUND(I2+F3-I3,2)
```

Salio la juu, ongeza mwamala, toa salio la mstari wenyewe. Jibu liwe 0 mpaka chini. Pale linapokataa ndipo penye alama iliyopotea, na mara nyingi ni PDF iliyoikata minasi ya mwisho ikaitupa kwenye safu ya jirani, au bano la kufungua lililobaki kwenye safu ya maelezo.

Kipimo hichohicho ndicho kinachokuamulia mambo pale steitimenti inapokuwa na safu mbili, Debit na Credit, halafu ndani ya Debit ukakuta mabano. Benki nyingine huweka mabano kila mstari wa Debit kama pambo la kusema "imetoka". Nyingine huweka kwenye mstari mmoja tu, na hapo maana yake ni kinyume: ni kato lililorudishwa, yaani pesa imeingia. Umbo la alama halikuambii ni ipi kati ya hizo mbili. Tazama salio lilipanda au lilishuka.

Mpaka hapo umesoma alama, na bado hujageuza upande. Hizi ni kazi mbili, na nimeona watu wakizichanganya ndani ya fomula moja mpaka hawajui waligeuza mara ngapi. Duka letu lilikuwa na msambazaji wa nyavu Dar es Salaam, naye kila mwezi alituma taarifa yake yenye mabano: salio la kuanzia 5,000,000, invoisi 3,400,000, malipo (2,600,000), nyavu zilizochanika tukazirudisha (150,000), salio la mwisho 5,650,000. Ukiisoma sawasawa, malipo ni kutoa 2,600,000. Lakini kwenye benki yetu malipo hayohayo nayo ni kutoa 2,600,000. Yule anahesabu deni tunalodaiwa, kwake malipo yanapunguza. Benki inahesabu pesa tuliyonayo, na kwake pia malipo yanapunguza. Ukizitupa pamoja kwenye jedwali moja, malipo ya mara moja yanaonekana yametoka mara mbili.

Kanuni niliyochagua ni kwamba tulichonacho ni chanya, tunachodaiwa ni hasi. Kwa hiyo taarifa ya msambazaji, baada ya kusomwa, naizidisha yote kwa -1 kwenye safu yake peke yake: kuanzia ni -5,000,000, invoisi -3,400,000, malipo 2,600,000, nyavu zilizorudishwa 150,000, mwisho -5,650,000. Sasa malipo ya benki na malipo ya msambazaji yakijumlishwa yanatoa sifuri. Yasipotoa sifuri, ama mmoja hajayaandika, ama nimegeuza upande usiostahili. Juu ya kila safu naandika kwa maneno, "baada ya kusoma alama" na "baada ya kugeuza upande". Haipendezi, ila mwezi ukiisha najua niliacha wapi.

Mama yeye hataki kuona minasi. Anasema kwenye fotokopi inafutika, na ni kweli, wino ukipungua kistari ndicho cha kwanza kuondoka. Anataka mabano. Basi nikishamaliza naichagua safu ya mwisho, naipa mwonekano huu kwenye Format Cells, sehemu ya Custom:

```
#,##0;(#,##0)
```

Karatasi inachapwa na mabano kama anavyotaka, na ndani ya seli namba inabaki -2,600,000.