Soketi na taa za chumba cha kulala kabla ya plasta: hesabu niliyoifanya kwangu

Swali: "Nimeshapaua na kuta bado hazijapigwa plasta. Fundi umeme anakuja wiki ijayo kutindua, na ananiuliza soketi na taa za chumba kikubwa cha kulala zikae wapi. Samani sijanunua. Naanzia wapi?"

Ndugu yangu, anza na kitanda, hata kama bado kiko kwa fundi seremala au hakijafikiriwa kabisa. Nimejenga chumba cha kulala mara mbili. Katika kile cha kwanza nilimwachia fundi aamue, naye akaweka soketi moja katikati ya kila ukuta na taa moja katikati ya dari, kama ilivyo desturi ya wengi. Kitanda kilipoingia, soketi moja ikafunikwa na ubao wa kichwani, nyingine ikamezwa na kabati, na kwa miaka kadhaa tukaishi na waya wa ekstensheni uliopita chini ya kitanda. Siku moja pasi ilichomekwa humo na plagi ikayeyuka upande mmoja. Tulibahatika kusikia harufu mapema. Kwa hiyo chumba cha pili, nilichokijenga Kibaha, nilikipanga sakafuni kwa chaki kabla fundi hajashika tindo.

Chumba hicho kina upana wa mita 3.6 na urefu wa mita 4.2. Mlango uko kwenye ukuta mfupi na dirisha liko kwenye ukuta mfupi unaoutazama. Ukiingia, ukuta mrefu wa kushoto ndio wa kichwa cha kitanda, na wa kulia ndio wa kabati. Godoro la futi 6 kwa 6 lina upana wa takriban mita 1.83, lakini fremu ya mbao hukifikisha kitanda karibu mita 2, na urefu wake pamoja na ubao wa kichwani ni kama mita 2.1. Kabati la nguo lina kina cha sentimita 60. Nilipovichora vyote sakafuni, niliona kwamba kati ya miguu ya kitanda na kabati inabaki njia ya sentimita 90, ambayo inatosha kufungua milango ya kabati na kupita. Kama ingebaki sentimita 60, ningejua wakati ule ule kwamba kitanda hakifai kuelekea huko, na umeme wote ungebadilika.

Baada ya hapo soketi za kitandani zilijipanga zenyewe. Kitanda kikiwa katikati ya ukuta wa mita 4.2, kinabakiza mita 1.1 kila upande. Meza ndogo ya pembeni yenye upana wa sentimita 50 hukaa ikigusa kitanda, kwa hiyo katikati yake iko sentimita 85 kutoka kila kona. Hapo ndipo nilipoweka soketi dabo, moja kila upande, kwa kimo cha sentimita 70, kwa kuwa meza nyingi za aina hiyo hazizidi sentimita 55 na plagi inapaswa kuonekana juu yake. Upande wa kabati sikuweka soketi hata moja nyuma yake. Ya pasi niliiweka kwenye ukuta wa dirisha, katika nafasi iliyo wazi, kwa kimo cha kawaida cha sentimita 40.

Vimo hivi vyote vinahesabiwa kutoka sakafu iliyokamilika, na hapa ndipo wengi hukosea. Wakati wa kutindua, sakafu bado ni zege tupu. Kwangu, saruji ya kusawazisha pamoja na marumaru ilipandisha sakafu kwa sentimita 7. Fundi akipima sentimita 40 kutoka kwenye zege, soketi yako itaishia sentimita 33. Njia niliyoipenda ni kutumia mpira wa maji kupiga mstari mmoja kuzunguka chumba kizima, mita 1 juu ya mahali ambapo marumaru itafika, kisha kila boksi likapimwa kutoka kwenye mstari huo kwenda juu au chini. Hata zege likiwa na mwinuko upande mmoja, maboksi yatakaa sawa. Mkumbushe pia kwamba mdomo wa boksi uwe usawa na plasta itakayokuja, si na tofali. Likizama sana, skrubu za soketi hazifiki, na uso wa soketi utacheza kila unapochomoa plagi.

Kwenye dari nilitumia muda mrefu zaidi, kwa sababu sisi tunalala na chandarua na tunahitaji pangaboi. Kwanza, katikati ya chumba unachokiona si katikati ya kuta. Kabati likishakula sentimita 60, upana unaobaki ni mita 3, na katikati yake iko mita 1.5 kutoka ukuta wa kichwani, si mita 1.8. Nilipanga pangaboi hapo. Pangaboi la inchi 56 hufagia duara lenye upana wa mita 1.4 hivi, yaani sentimita 70 kila upande, kwa hiyo mapanga yangefika hadi sentimita 80 kutoka ukutani. Chandarua cha mviringo huning'inizwa juu ya katikati ya kitanda, ambayo kwangu ni karibu mita 1 kutoka ukutani, na kamba yake ingepita ndani ya mzunguko wa mapanga. Kama nisingechora, ningeligundua hilo baada ya dari kufungwa. Nikaamua kutumia chandarua cha mstatili chenye fremu ya nguzo nne, inayosimama chini ya usawa wa mapanga. Pangaboi lenyewe lilifungwa kwenye mbao ya ziada iliyopigiliwa kati ya mbao za dari kabla ya kuweka jipsamu, maana jipsamu peke yake haibebi mzigo unaotikisika.

Taa haziwezi kukaa juu ya mapanga, kwani mwanga utakuwa unakatwakatwa na macho yatachoka. Nikaweka mbili, kila moja mita 1.1 kutoka katikati ya pangaboi, moja kuelekea mlangoni na nyingine kuelekea dirishani.

Swichi ya mlangoni ikae upande wa kitasa, sentimita 15 hivi kutoka kwenye fremu, kwa kimo cha mita 1.3. Usikubali itinduliwe kabla hujamuuliza seremala bawaba zitakaa upande gani, kwa kuwa mlango ukifunguka juu ya swichi utakuwa unapapasa nyuma yake gizani. Swichi ya pili, ambayo mafundi huiita tuwei, niliiweka kitandani kwa kimo cha sentimita 90, sentimita 10 tu kutoka ukingo wa kitanda, ili ibonyezwe kupitia kitambaa cha chandarua bila kukifungua. Mwambie fundi mapema, kwa sababu tuwei inahitaji paipu na nyaya za ziada kati ya swichi hizo mbili, na baada ya plasta nafasi hiyo haipatikani tena bila kubomoa.

Paipu zikishalazwa ukutani, zishuke au zipande wima kutoka kwenye kila boksi, zisikatize mshazari. Kisha piga picha ya kila ukuta huku futi ya kupimia ikiwa imenyooshwa kutoka konani. Mimi nilizitumia picha hizo miezi 8 baadaye, siku ya kutoboa ukuta ili kufunga rafu juu ya meza ya kushoto, na paipu ilikuwa sentimita 6 tu kutoka mahali nilipokusudia kutoboa.