Kelele, joto na taa mbovu kwenye mtihani: nani aambiwe, na lini?

Nafanya A Level ya Pearson Edexcel hapa Dar. Jirani ya shule kuna ujenzi. Wakianza kukata vigae katikati ya pepa, nifanye nini? Naogopa kupoteza muda kulalamika. (Mtahiniwa, Mbezi)

Nyoosha mkono dakika hiyohiyo. Msimamizi akifika, mwambie kwa sauti ya chini sentensi moja tu: "Kelele ya nje inanizuia kusoma, naomba iandikwe." Kisha rudi kwenye swali lako. Hizo ni sekunde kumi na tano, na zina kazi mbili.

Ya kwanza, na ndiyo kubwa, ni kuizima kelele yenyewe. Msimamizi haruhusiwi kuacha chumba, lakini anaweza kumwita mratibu wa mitihani, naye akatuma mtu kwa fundi. Mkuu wa kituo pia ana uwezo wa kusimamisha mtihani kwa muda, kuandika saa uliposimama na saa ulipoendelea, ili mpate muda wenu wote uliopangwa. Dakika ishirini ukizirudishiwa zina faida kuliko huruma yoyote ya baadaye.

Ya pili ni kumbukumbu. Kila kituo kinachofuata kanuni za JCQ, lile baraza la pamoja la bodi za mitihani za Uingereza, kinatakiwa kuwa na daftari la matukio ya chumba cha mtihani. Maandishi yenye maana husomeka hivi: "Saa 3:42 asubuhi. Mashine ya kukata vigae, upande wa madirisha ya mashariki. Watahiniwa wa safu ya kwanza na ya pili wamelalamika. Mratibu ameitwa 3:44. Kelele imekoma 4:05." Pale kuna kuanza, kukoma, chanzo, walioathirika na hatua iliyochukuliwa. Kikiandikwa tu "kulikuwa na kelele kidogo", hakuna wa kukitumia.

Hapa kwetu kuna kijimtego kimoja cha saa. Daftari likiwa la Kiingereza, mmoja huandika 3:42 na mwingine 9:42, na wiki mbili baadaye yanaonekana matukio mawili. Unapotaja saa, taja inavyoonekana kwenye saa ya ukutani mliyowekewa mbele.

Ikishaandikwa, naongezewa alama ngapi? Rafiki yangu anasema asilimia tano.

Asilimia tano ndiyo kilele, na huwekwa kwa mambo mazito sana, kama kufiwa na mzazi karibu na mtihani. Kwenye mwongozo wa JCQ, kelele iliyodumu zaidi ya muda mfupi imewekwa kwenye ngazi ya chini kabisa: asilimia moja ya alama zote za pepa hiyo.

Tuifanye hesabu ya huyo wa vigae. Pepa ya Hisabati ya A Level ya kimataifa ina alama 75. Asilimia moja yake ni 0.75, haifiki hata alama moja. Inaweza kumvusha mtu aliyekaa ukingoni kabisa mwa daraja, basi. Wale wanaotulia na kelele saa nzima wakitumaini watafidiwa mbele ya safari wanafanya biashara ya hasara.

Tena zipo kelele ambazo hazihesabiwi kabisa. Simu iliyolia mara moja, au mwenzako aliyefanya vurugu ya sekunde chache, JCQ inaziweka wazi nje ya mpango huu.

Niliandika juu ya karatasi ya majibu kwamba taa ilikuwa inapepesa. Msahihishaji ataona?

Hata akiona, hawezi kufanya lolote. Yeye husahihisha kilichojibiwa. Nyongeza, kama ipo, huwekwa na bodi baada ya usahihishaji, kwa kufuata maombi yaliyotumwa na kituo. Ulichoandika juu ya karatasi hakifiki huko.

Na taa ni jambo la kuwahi. Ukikaa tu, kabla hamjaambiwa mfungue, tazama kama tyubu ya juu yako inapepesa, au kivuli chako kinaangukia karatasi kwa sababu mwanga wote uko nyuma yako. Omba kuhamishwa wakati huo. Kanuni zinakitaka kituo kiangalie mwanga, joto, hewa na kelele za nje, kwa hiyo huombi hisani. Ukihamishwa, hakikisha msimamizi amebadilisha ramani ya ukaaji, maana ndiyo itakayoonyesha baadaye ulikuwa wapi tatizo lilipotokea. Umeme ukikatika wote ukashindwa kusoma, hilo ni la chumba kizima: kalamu chini, subirini maelekezo, na msizungumze. Mkianza kunong'onezana gizani, tatizo la taa litageuka kuwa tuhuma ya udanganyifu.

Mwanangu alifanya pepa ya Januari kwenye ukumbi wa bati, joto kali. Niiandikie bodi mwenyewe? (Mama, Tegeta)

Hapana, mama. Maombi hutumwa na kituo peke yake. Barua ya mzazi itarudishwa shuleni. Hata mtahiniwa binafsi hupitia kituo alikofanyia mtihani. Mwone mratibu wa mitihani haraka, ikiwezekana kesho, ukiwa na maelezo ya mtoto ya nusu ukurasa: pepa gani, alikaa wapi, nini kilitokea saa ngapi, alimwambia nani. Muulize kama daftari la siku ile lina habari hiyo. Maombi yana muda wake baada ya pepa, na matokeo yakishatoka mlango hufunguliwa kwa nadra sana.

Nikueleze ukweli kuhusu joto: ndilo gumu kuliko yote kulithibitisha. Joto la siku nzima halina saa ya kuanza, na kila mtu Dar ana joto Januari. Feni iliyozimika saa 4:10 ikakaa hivyo hadi mwisho, hiyo ina ushahidi. Mtoto aliyeishiwa nguvu akatolewa nje kwa dakika kumi, huyo naye ameandikwa, na kesi yake itaangaliwa kama ugonjwa zaidi kuliko joto. Kama hakuna tukio la namna hiyo, sidhani maombi yatafika mbali. Afadhali uibane shule sasa kuhusu feni na maji kabla ya pepa za Mei.

Nilinyoosha mkono, msimamizi akaniambia "vumilia". Je, imeisha hapo?

Haijaisha, ila usibishane naye ndani. Ukikusanyiwa karatasi, nenda moja kwa moja kwa mratibu kabla hujatoka getini, useme unataka iandikwe na kwamba uliomba wakati wa mtihani. Taja namba yako ya mtahiniwa na wenzako wawili waliokaa karibu, kila mmoja aandike peke yake kwa maneno yake. Maelezo matatu yaliyonakiliwa neno kwa neno hupunguza uzito badala ya kuongeza. Shule ikituma maombi na bodi ikayakataa, rufaa pia hukatwa na kituo.

Haya yanahusu na sisi wa NECTA?

Zile asilimia ni za bodi za Uingereza. Usizipeleke kwa msimamizi wako ukizidai. Lakini kunyoosha mkono mapema, kutaja saa na kuomba iingizwe kwenye taarifa ya msimamizi mkuu, hayo fanya vilevile, na mkuu wa shule ajulishwe siku hiyohiyo.