Kabla ya kuamini wati zilizoandikwa kwenye mtambo wa upepo, pima mapanga yake

Mtambo wangu wa kwanza wa upepo ulikuwa na kibandiko chenye maandishi makubwa: 1000 W. Niliufunga juu ya mlingoti, nikaunganisha betri, nikasubiri. Upepo siku hiyo haukuwa mbaya, majani ya miti yalitikisika bila kukoma na mapanga yakazunguka vizuri. Mita ikasoma wati 35. Nilikagua nyaya, nikakaza upya kila skrubu, nikafungua hata jenereta nikitafuta waya uliokatika. Sikuona kasoro, kwa sababu haikuwepo. Mtambo ulikuwa unatoa kile ambacho upepo ule uliweza kutoa, na hesabu ya dakika tano ingenionyesha hivyo kabla sijapanda juu.

Hesabu yenyewe ni hii:

```
P = 0.5 * rho * A * v^3 * Cp
```

P ni nguvu kwa wati, rho ni uzito wa mita moja ya ujazo ya hewa, A ni eneo la duara linalofagiwa na mapanga, v ni kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde, na Cp ni sehemu ya nguvu ya upepo ambayo mtambo unafanikiwa kuikamata.

Anza na A. Chukua futikamba, pima kutoka katikati ya kitovu hadi ncha ya panga. Kwangu ilikuwa mita 1 kamili, kwa hiyo eneo ni 3.14 mara 1 mara 1, yaani mita za mraba 3.14. Hapa wengi huteleza: wanachukua kipenyo, upana wote wa duara, wanakiweka mahali pa nusu kipenyo, na jibu linatoka kubwa mara nne. Kosa hilo halionekani kwa macho kwa sababu namba inayotoka inapendeza.

Sasa fikiria upepo wa mita 4 kwa sekunde, ambao ndio uliokuwa ukivuma siku ile. Katika sekunde moja, nguzo ya hewa yenye urefu wa mita 4 inapita kwenye duara la mapanga. Ujazo wake ni kama mita za ujazo 12.6. Hewa ya usawa wa bahari, kwenye nyuzi 15 za Selsiasi, ina uzito wa kilo 1.225 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo kila sekunde zinapita kilo 15.4 za hewa. Nusu ya uzito huo, mara kasi, mara kasi tena, inakupa wati 123. Hapo ndipo inapotoka v^3, yaani kasi mara kasi mara kasi: upepo ukiongezeka, kwanza hewa nyingi zaidi inapita, kisha kila kilo ya hewa hiyo inabeba nguvu zaidi kwa kasi mara kasi. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu inaongezeka mara nane.

Lakini wati 123 ni nguvu iliyomo kwenye upepo, si umeme wako. Mjerumani Albert Betz alionyesha kwamba hakuna mtambo wa mapanga ya wazi unaoweza kukamata zaidi ya 16/27 ya nguvu hiyo, yaani asilimia 59.3. Sababu yake inaeleweka bila kitabu. Ukitaka kuinyang'anya hewa nguvu yake yote, lazima uisimamishe kabisa, na hewa iliyosimama nyuma ya mapanga inaizuia inayokuja, kwa hiyo upepo unakwepa pembeni. Hewa lazima iondoke ikiwa bado na mwendo. Hali bora ni pale inapoondoka na theluthi moja ya kasi yake ya mwanzo. Hapo inapita kwenye mapanga kwa theluthi mbili za kasi, huku kila kilo ikiwa imeacha 8/9 ya nguvu yake. Zidisha 2/3 kwa 8/9, unapata 16/27.

Kwa hiyo upepo ule wa mita 4 usingeweza kunipa zaidi ya wati 73 hata kwa mtambo usio na dosari. Mitambo midogo, ukishatoa hasara za mapanga, jenereta na nyaya, mimi huihesabia Cp ya 0.30. Inatoka wati 37. Mita yangu ilisoma 35.

Na kile kibandiko? Kwa maandishi madogo kilisema nguvu hiyo imepimwa kwenye upepo wa mita 12 kwa sekunde. Hiyo ni kasi mara tatu ya niliyokuwa nayo, na tatu mara tatu mara tatu ni 27. Wati 37 mara 27 ni takriban 1000. Kibandiko hakikudanganya, ila kilizungumzia upepo ambao mimi nilikuwa naupata mara chache sana. Vibandiko vingine hudanganya kweli, na kikomo cha Betz kinavikamata. Niliwahi kuonyeshwa mtambo wenye kipenyo cha mita 1.2 ukidai wati 1000 kwenye upepo uleule wa mita 12. Eneo lake ni mita za mraba 1.13, upepo wote unaopita hapo una wati kama 1200, na kikomo ni wati 709. Mtambo huo hauwezekani, na sikuhitaji kuuwasha ili kujua.

Kuna kosa jingine ambalo mimi mwenyewe nililifanya baadaye, nalo linaelekea upande wa pili. Nilichukua wastani wa kasi ya siku nzima, mita 4, nikauingiza kwenye hesabu, nikapata wati 37 mara saa 24, kama kilowati-saa 0.9. Halafu nikatazama kumbukumbu za kipimaupepo. Kwa ufupi, nusu ya siku upepo ulikuwa karibu mita 2, na nusu nyingine karibu mita 6. Wastani ni 4 kweli, lakini upepo wa mita 2 haukuzungusha mapanga kabisa, na ule wa mita 6 ulitoa wati kama 125 kwa saa 12. Hiyo ni kilowati-saa 1.5. Saa chache za upepo mkali ndizo zinazojaza betri, kwa hiyo piga hesabu ya kila saa kwanza, ndipo ujumlishe. Ukianza na wastani wa kasi, utakosea.

Kwa sababu hiyohiyo, kosa dogo kwenye kipimaupepo ni kosa kubwa kwenye jibu. Kikizidisha kasi kwa asilimia 10, makadirio yako yanazidi kwa asilimia 33. Kikisoma kilomita kwa saa, gawanya kwa 3.6 kabla ya kitu kingine chochote. Na kipime kwenye kimo cha kitovu cha mtambo, si kifuani mwako ukiwa umesimama chini. Hewa nyepesi ya milimani nayo inapunguza: kwenye mwinuko wa mita 1500, toa kama asilimia 14.

Mtambo ule bado ninao. Nilichobadilisha ni mlingoti, nikaupandisha mpaka mapanga yakawa juu kabisa ya vilele vya miti. Upepo wa mita 6 ukawa wa mita 7, na wati 125 zikawa karibu 200.