Mvuto ni wa soko, nguvu ni ya kitengo

Swali: "Mwalimu, kwenye ripoti tuandike mvuto wa soko au mvuto wa kitengo? Na 'ukali wa ushindani' nikiupa 5 ni alama nzuri au mbaya?"

Andika mvuto wa soko. Kwenye matriksi ya General Electric na McKinsey, ile ya visanduku tisa inayopima kila kitengo cha biashara kwa mvuto wa soko lake na nguvu yake, kitengo chako hakina mvuto, kina nguvu. Mvuto ni hali ya huko nje ambayo hata mshindani wako anaikuta vilevile, ndo maana faida ya kawaida ya soko zima inakaa kwenye mvuto ila faida yako mwenyewe inakaa kwenye nguvu, ukiichanganya unajihesabia kitu kimoja mara mbili.

Hiyo 5 sasa ndo inaharibu ripoti nyingi. Mtu anasoma "ukali", anaona ushindani ni mkali kweli, anaweka 5, na soko baya linapanda. Alama ya juu lazima iwe habari njema kila mstari, kwa hiyo kigezo kiandike "unafuu wa ushindani", ushindani ukiwa mkali unapata 1 au 2.

Tuseme una kitengo cha sabuni ya unga. Kwenye mvuto, ukubwa wa soko una uzito 0.25 na alama 4, ukuaji 0.25 na 3, faida ya soko 0.30 na 4, unafuu wa ushindani 0.20 na 2. Zidisha kila uzito kwa alama yake ujumlishe, unapata 3.35. Yule wa "ukali" angeweka 5 pale penye 2 akapata 3.95, na kwa kuwa mipaka inayogawa skeli ya 1 hadi 5 kuwa chini, kati na juu ni 2.33 na 3.67, soko la kati limeshakuwa la juu kwa sababu ya neno tu!

Nguvu: mgao wa soko 0.30 kwa 2, jina la bidhaa 0.25 kwa 4, usambazaji 0.30 kwa 5, gharama 0.15 kwa 4. Jumla 3.70, juu kidogo ya mpaka wa 3.67. Kwa hiyo ni mvuto wa kati, nguvu ya juu, kisanduku cha kuwekeza kwa kuchagua.

Matriksi ya Boston Consulting Group ya 1970 ina visanduku vinne tu, inauliza ukuaji na mgao wako ukigawanywa kwa wa mshindani mkubwa. Soko likikua 6%, wewe una 12% na mkubwa ana 30%, unapata 0.4, ukuaji na mgao vyote vinahesabiwa vya chini, basi kitengo kinaitwa mbwa na unaambiwa ukiache, ule usambazaji wako wa alama 5 hauonekani popote. General Electric na McKinsey walitengeneza hii ya visanduku tisa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili vitu kama hivyo vihesabike.

Ila uzito mnaupanga nyie wenyewe. Hamisha 0.05 kutoka usambazaji kwenda mgao wa soko, nguvu inashuka hadi 3.55 na kitengo kinahama kisanduku, kwa hiyo kubalianeni uzito, jumla yake iwe 1, kabla mtu yeyote hajaona alama.