Nyama nyingi, choo kigumu: maswali ya wanaojenga misuli

Nina kilo 75. Asubuhi mayai 6, mchana nusu kilo ya nyama na ugali wa sembe, usiku nusu kilo nyingine na wali. Choo napata kila baada ya siku 4, kigumu kama kokoto. Nyama inaziba?

Haizibi. Shida ni kilichokosekana kwenye sahani. Nyama na mayai havina nyuzinyuzi hata kidogo, na sembe na mchele mweupe vimekobolewa. Nyuzinyuzi hufika utumbo mpana bila kumeng'enywa, hushika maji na kukipa kinyesi ukubwa, na ukubwa huo ndio unaoamsha utumbo usukume. Zikikosekana, kinyesi kinakawia huku utumbo ukiendelea kukifyonza maji. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Mlo wako uko mbali na hapo.

Misuli yako haitapungua ukipunguza nyama. Gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili zinatosha, yaani gramu 120 kwako, na nusu kilo ya nyama iliyoiva peke yake inazidi hapo. Nyama ya usiku ibadilishe na kikombe cha maharage yaliyoiva: nyuzinyuzi kama gramu 13, protini kama 15. Mchana kula dona badala ya sembe, na ongeza mboga za majani. Nusu ya parachichi na pera moja vitakufikisha 25.

Nilianza na mabakuli mawili ya maharage kwa siku. Tumbo lilijaa gesi, nikaacha.

Ulikimbia mno. Bakteria wa utumbo huchachusha nyuzinyuzi na sukari za maharage, na gesi hutoka hapo. Anza na nusu kikombe kwa siku, wiki nzima, ndipo uongeze. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya mpaka yalainike kabisa. Kunywa maji siku nzima, si jimu tu. Mkojo wa njano iliyokolea ni dalili kwamba hayatoshi, na nyuzinyuzi bila maji zinaweza kuzidisha ugumu.

Isabgoli, ule unga wa nyuzinyuzi wa duka la dawa, inafaa?

Inafaa kuongezea mlo. Koroga kijiko kimoja cha chai kwenye glasi kubwa ya maji, unywe papo hapo kabla haijawa uji mzito, kisha glasi nyingine. Usiibwie kavu kamwe: huvimba na inaweza kukukaba kooni. Kama unameza dawa nyingine, tenganisha kwa saa 2. Matokeo huchukua siku 2 au 3, kwa hiyo usiongeze kijiko usiku wa kwanza.

Nimwone daktari lini?

Ukiona damu kwenye choo, ukikonda bila sababu, au hali ikipita wiki 3 licha ya mabadiliko haya. Tumbo likivimba na kuuma sana, ukitapika na hata ushuzi hautoki, nenda hospitali saa hiyohiyo, na usinywe isabgoli wala dawa ya kuharisha.