Tabaga ya Bibi

Swali la wiki: "Umewahi kukataa zawadi bila kumvunja moyo aliyeitoa? Nani alikufunza, na ulifanyaje?"

Nilifundishwa na bibi yangu, ambaye sisi Wanubi wa Bombo, Uganda, tunamwita haboba. Lakini kabla ya kujua kukataa, nilikataa vibaya, na ni vizuri nianzie hapo.

Nilipopata kazi ya afisa mikopo katika chama cha kuweka na kukopa hapa mjini, jirani yetu mmoja, mjane, alikuja na mayai 6 kwenye bakuli kuniambia hongera. Namjua tangu utotoni. Najua kuku wake ni wawili tu. Nikamwambia, "Hapana mama, kaa nayo, wewe unayahitaji kuliko mimi." Niliamini nimesema maneno ya huruma. Akatabasamu, akageuka na bakuli lake, na kwa wiki tatu hakupita tena kwenye uchochoro wetu, ingawa ndiyo njia yake fupi ya kwenda sokoni.

Bibi alikuwa barazani anasuka tabaga, kawa zetu za kufunikia chakula, alisikia yote. Siku ile hakusema kitu. Wiki ya tatu ndipo aliponiuliza kama nimegundua jirani anazunguka kwa nyuma. Akasema, "Ulimhesabia umaskini wake mlangoni petu. Yeye alikuja kama mtu mwenye kitu, wewe ukamrudisha kama mtu asiye na kitu."

Nikataka kwenda kuomba radhi. Bibi akakataa: kuomba radhi kungemlazimisha yule mama kukiri kwamba aliaibika. "Nenda ukamwombe mayai mawili. Mwambie unataka kukanda unga, umepungukiwa." Nikaenda. Aliniangalia kitambo, akaingia ndani, akatoka na manne. Kesho yake akapita uchochoroni. Hapo nikajua kwamba kuna zawadi ambazo hazikataliwi kabisa, na ya mtu mwenye kidogo anayekupa bila kukutaka neno ni mojawapo.

Sasa ile iliyopaswa kukataliwa.

Ilikuwa siku chache kabla ya Idi ya Kuchinja. Nilirudi kazini saa kumi na moja jioni nikakuta kikapu kikubwa sebuleni: sukari kilo 10, kitambaa kizuri cha gurbaba, vazi la kujifunga la wanawake wetu, na bahasha nene iliyogandishwa kwa gundi. Mwanaboda ndiye aliyekileta. Kilitoka kwa mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu tunayemheshimu. Babu alipofariki, yeye alikuwa kati ya waliobeba jeneza. Na faili lake la mkopo wa shilingi milioni 4 lilikuwa mezani kwangu, kamati ikae Alhamisi.

Mama alikuwa amekwisha kumimina kilo 2 za sukari kwenye debe letu. Hakuona ubaya, na simlaumu. Mzigo wa Idi kutoka kwa rafiki wa marehemu baba yake, nani angeukagua?

Bibi aliweka pembeni usukaji wake akaniuliza swali moja tu: "Ungekuwa umekaa hapa barazani huna kazi, mzigo huu ungekuja?" Swali hilo si lake. Alilipata darsani, katika kisa cha mkusanya zaka aliyerudi akasema hii ni ya zaka na hii nimepewa mimi, Mtume akauliza kwa nini hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama angepelekewa. Mwaka uliopita nilikuwa sina kazi, na Idi hiyo mzee hakuleta hata tende. Mayai ya jirani yangekuja kwa vyovyote. Kila mwaka huleta kitu. Sukari hii ilikuwa imelifuata faili.

"Basi inarudi leo," akasema, "kabla ya Magharibi."

Nikapendekeza iwe kesho, nimechoka. Ndipo aliponisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Mwaka 1979, serikali ya Amin ilipoanguka, Wanubi wengi walikimbia, naye akavuka na watoto wake kuingia Sudan. Huko kulikuwa na mfanyabiashara aliyewaletea unga kila wiki. Alipokea wiki ya kwanza kwa njaa, ya pili kwa haya, na baada ya hapo kwa mazoea. Katika mwezi wa nne wa kupokea, mtu yule akaja kumtaka binti yake mkubwa, mwenye miaka 14, akakae kwake "kusaidia kazi." Bibi akakosa la kusema kwa sababu unga ulikuwa umekwisha kuliwa. Ilimbidi auze bangili zake mbili za fedha, anunue magunia mawili ya unga, ayatue mlangoni kwa yule bwana mbele ya mashahidi. Binti huyo ndiye mama yangu. Alikuwa amekaa palepale akisikiliza, mkono wake juu ya debe la sukari.

Kwa hiyo tulipima. Mama alichota kilo 2 zilezile akazirudisha mfukoni, Bibi akapitisha mfuko kwenye mizani ya duka la jirani mpaka ukasoma 10. Bahasha hatukuifungua. Bibi alisema bahasha iliyofungwa inarudi imefungwa, kwa sababu ukishajua kiasi kilichomo, nafsi inaanza kupiga hesabu. Na ingekuwa wazi, basi ingehesabiwa mbele ya watu wawili kabla ya kutoka nyumbani. Nilishika simu nimjulishe mzee kwamba tunakuja. Akaninyang'anya. Ukimpigia mtu simu kwamba unarudisha mali yake, unampa nafasi ya kukuapia kwa Mungu kabla hujafika.

Nilidhani tutampa mwanaboda arudishe. Bibi alikataa hilo kwa ukali kuliko yote. Kilichorudi kwa mikono ya mtoto au ya dereva, alisema, ni kama kimetupwa, na majirani watakihadithia njia nzima. Tunaenda wenyewe. Na hatuendi na vitu vyake peke yake. Akaoka gurusa sita, mikate yetu myembamba, akazipanga kwenye sahani, akafunika kwa tabaga yake nzuri, ile ya rangi nyekundu na ya zambarau ambayo ilimchukua wiki nyingi kuisuka.

Njiani nikajaribu maneno yangu. "Nitamwambia, baba, asante, lakini ngoja mkopo upite kwanza."

Bibi akasimama barabarani. "Hapo umemwambia mkopo utapita. Na umemwambia ukipita, alete. Umekataa nini?"

Nikanyamaza. Bado naliona kosa hilo kila siku ofisini. Watu wanasema "si leo" wakidhani wamekataa, kumbe wamepanga tarehe.

Maneno aliyonipa yalikuwa machache. Kwanza niutaje mkono wake kwa wema, maana ametoa na kutoa ni kazi. Kisha nitaje sababu, na sababu iwe ya kweli, na iwe upande wangu, isiwe juu ya mali yake wala nia yake. Akanikumbusha Sa'b bin Jaththama, aliyemletea Mtume nyama ya punda mwitu ikarudishwa, uso wake ukabadilika. Akaambiwa kwamba hatukukurudishia ila kwa kuwa tumo katika ihramu. Hakuambiwa nyama ina kasoro. Aliambiwa hali ya mpokeaji, kwa kuwa aliye katika ihramu amekatazwa mawindo. "Nawe una ihramu yako," Bibi akasema. "Ni lile faili."

Mzee alitupokea kwa furaha kweli. Bibi akamsalimu, akauliza watoto, mguu wa mkewe uliokuwa ukiuma, bei ya saruji. Gurusa zikawekwa mezani, chai ikaja, tukanywa. Nilikuwa nataka kulisema nimalize, lakini kila nilipofumbua mdomo Bibi alinisukumia kikombe. Kula cha mtu kwake kwanza kunamwonyesha kwamba huukatai undugu wake. Mpaka watoto walipotoka chumbani ndipo alipoweka kikombe chini.

Nikasema, "Baba, mkono wako tumeuona, na dua tumekuombea. Vitu hivi nimekuletea mwenyewe kwa sababu faili lako liko mezani kwangu. Nikila chako, siku ya kamati sitakuwa na mdomo."

Uso wake ulibadilika. Akasema hiyo ni Idi tu, haina uhusiano. Sikubishana, Bibi alikuwa ameniambia nisijadili nia yake hata akinivuta. Nikarudia neno lilelile la faili, polepole. Akainua mkono, "Wallah..." na Bibi akamshika mkono huo kabla hajaendelea.

"Usiape, mwanangu. Usijitie kafara ya kulisha maskini kumi kwa ajili ya sukari."

Mzee akacheka, bila kutaka. Halafu akatafuta njia nyingine: tuipeleke sukari madrasa, watoto wanywe uji. Mimi ningekubali hapohapo. Ilionekana njia nzuri, kila mtu ameridhika. Bibi akatikisa kichwa. "Fikra njema sana. Ipeleke wewe mwenyewe, wakuombee wewe. Isipitie kwetu." Kwa maana ingepitia kwetu, ingekuwa nimepokea, kisha nikatoa sadaka kwa mali yake.

Tuliaga. Kikapu kilibaki, na tabaga ikabaki juu ya gurusa zilizosalia. Nje nikamwambia Bibi ameisahau. Akasema hakuisahau. Mtu aliyerudishiwa kitu chake anahitaji sababu ya kuja tena kwako, na chombo cha jirani lazima kirudi.

Asubuhi nilimweleza mwenyekiti wa kamati kilicholetwa na kilichorudi, nikaomba mwenzangu alisome faili lile. Kamati ilimpa milioni 3 badala ya 4, kwa sababu dhamana yake haikutosha. Niliumia, nikijua atadhani ni kisasi changu. Bibi hakunifariji sana. Alisema kukataa kwa adabu hakumzuii mtu kukasirika. Kunamnyima tu la kusimulia.

Tabaga ilirudi siku ya 19. Mkewe ndiye aliyeileta, na ndani yake maembe manne. Nilimwangalia Bibi kwa wasiwasi. "Sahani kwa sahani," akasema, na akaagiza kisu. Mzee mwenyewe, tukikutana barabarani, bado ananiita "afisa," si "mwanangu" kama zamani. Nami namwitikia, "Naam, baba," kila mara.

Msomaji, Bombo