Muziki unanguruma, simu ikipigwa inatetema tu

"Wakuu, simu yangu ni Android. Nikiweka muziki jirani anasikia, ila mtu akinipigia inatetema tu. Nabonyeza kitufe cha kuongeza sauti mpaka mwisho, wapi! Spika imekufa au?"

Mkuu, usipeleke kwa fundi. Spika inayopiga muziki ndiyo hiyo hiyo inayotoa mlio wa simu, kwa hiyo ni nzima.

Mimi yalinikuta kinyume chake. Ijumaa moja msikitini huku Ngamiani, kabla ya hotuba nilibonyeza kitufe cha kupunguza mpaka chini kabisa, nikaitia simu mfukoni roho imetulia. Imamu yuko katikati ya hotuba, simu ikalia. Tena mlio wenyewe taarabu. Niliitafuta mfukoni huku natamani zulia linimeze.

Kumbe Android haina sauti moja. Muziki na video vina kiwango chao, mlio wa simu una wake, alamu ina wake, na maongezi ya simu yana yake. Kitufe cha pembeni ni kimoja tu, basi simu inaamua yenyewe unataka kugusa kipi. Zamani, kama hakuna kinachopigwa, kilikuwa kinagusa mlio. Kuanzia Android 9 ya mwaka 2018, kawaida yake kinagusa muziki na video. Mimi pale msikitini nilizima muziki ambao haukuwepo, na wewe unaongeza muziki ambao tayari umejaa.

Na huo mtetemo si kiwango cha peke yake. Mlio ukishushwa mpaka sifuri, simu inahamia vaibresheni. Yako imefika hapo.

Fanya hivi: bonyeza kitufe cha sauti mara moja, mstari utokee. Angalia kwenye huo mstari, kuna nukta tatu au alama ndogo ya mipangilio. Iguse, mistari yote itafunguka. Usipoiona, pita `Settings`, kisha `Sound & vibration`, halafu `Volume`. Vuta ule ulioandikwa `Ring volume` au `Ringtone`. Ukiuachia, simu nyingi zinakupigia kionjo cha mlio. Kwa Samsung, ukurasa huo huo una swichi ya `Use Volume keys for media`. Ukiizima, kitufe kinarudi kwenye mlio pale ambapo hakuna kinachopigwa.

Kuna mtego mmoja huwanasa wengi: usijaribu kuongeza sauti wakati simu inaita. Kitufe cha sauti, cha juu au cha chini, kinanyamazisha mwito huo. Mtu anabonyeza ili aongeze, simu inakaa kimya, anasema "si unaona, mbovu!"

Kama kionjo kinasikika vizuri lakini wakikupigia ni kimya, angalia kama `Do Not Disturb` imewaka. Kama kionjo chenyewe kinasikika kwa mbali, shuku wimbo uliouweka. Nyimbo nyingi za kurushiana zinaanza polepole, au zimerekodiwa chini. Weka kwanza mlio uliokuja na simu, kisha linganisha.

Baada ya hapo utakutana na kero ya pili: umeongeza mlio, sasa kila ujumbe wa kundi la WhatsApp unalia kama king'ora. Kwenye simu nyingi za zamani kidogo, mlio na arifa zimefungwa kwenye mstari mmoja. Android 14 ilileta mistari miwili, na Samsung walikuwa nayo kabla. Hata ikiwa miwili, ukiweka vaibresheni arifa nazo zinanyamaza. Kama yako ina mmoja, usihangaike na mistari. Ingia WhatsApp, `Settings`, `Notifications`, na kwenye mlio wa makundi chagua `None`. Simu ikipigwa italia, makundi yatakaa kimya.

Simu ya mama niliipanga hivyo: mlio mpaka mwisho, muziki theluthi, alamu juu, makundi bila mlio. Siku ya pili akalalamika adhana ya kwenye simu haisikiki. Programu nyingine za adhana zinapiga kwa kiwango cha muziki, nyingine cha alamu au arifa, na hazikwambii. Niliushusha muziki mpaka sifuri nikasubiri Alasiri. Kimya, basi yake inatumia muziki. Nikaingia mipangilio ya ile programu, nikakuta sehemu ya kuhamishia adhana kwenye alamu. Sasa anapunguza video zake anavyotaka na Alfajiri bado inamwamsha, na mimi pia, maana chumba changu kiko ukuta wa pili.